Taa ya ovafloo ikidanganya kwenye kutoa peke yake, fuata waya wa B4

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya dijito semista hii, nataka niwaambie kitu kimoja tu kuhusu ile saketi ya kujumlisha na kutoa ya biti 4, maana kila mwaka hapa Kampala naletewa bodi mbili tatu zenye ugonjwa ule ule. Kujumlisha iko sawa, majibu ya kutoa nayo yako sawa, lakini ukiweka swichi kwenye kutoa ile taa ya ovafloo, inayosema jibu limetoka nje ya mipaka ya biti 4, inawaka mahali haifai na inazima mahali ndo ilikuwa iwake. Mimi nilikaa na ugonjwa huo jioni nzima nikiwa mwaka wa pili, umeme ukakatika mara mbili, nikang'oa chipu mbili nikaweka mpya na zile za zamani hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa waya mmoja.

Tuanze na saketi yenyewe. Kuna 74LS283, hiyo ndo inajumlisha, na kuna 74LS86 yenye geti nne za XOR. Ukiwa na 7483 ya zamani kazi ni ile ile lakini umeme wake unaingia mguu wa 5 na grandi iko mguu wa 12, si 16 na 8, kwa hiyo usichomeke moja mahali pa nyingine bila kuangalia. Namba zetu zina alama, yaani kwa biti 4 tunatoka -8 mpaka 7, na biti ya juu kabisa, ile datashiti inaita A4, B4 na S4, ndo inasema hasi au chanya. Mguu wa jibu datashiti inauandika kwa ile alama ya sigma, mimi hapa naandika S.

Kutoa tunafanya kwa kujumlisha. Unageuza biti zote za B halafu unaongeza 1. Wengi mnalijua hilo toka Sinia Siksi kama kanuni ya kukariri, lakini shika sababu yake kwa sababu itakusaidia baadaye: ukigeuza biti nne za B unapata 15 - B, ukiongeza 1 inakuwa 16 - B, sasa ukijumlisha na A unapata A - B na 16 ya ziada. Hiyo 16 haina nafasi kwenye biti nne, inatoka nje kupitia mguu wa keri, C4. Kwa hiyo 5 - 3 inakuwa 0101 + 1100 + 1, jibu ni 0010 na C4 inawaka. Hiyo keri si kosa, ni ile 16 inatoka mlangoni.

Kwenye bodi, waya mmoja wa swichi, tuuite M, unaenda sehemu mbili: unaingia kwenye geti zote nne za XOR pamoja na biti za B, na unaingia pia kwenye C0 ya chipu ya kujumlisha. M ikiwa 0 B inapita kama ilivyo na C0 ni 0, M ikiwa 1 B inageuzwa na ile 1 ya kuongeza inaingia bure kupitia C0. Ukiona 5 - 3 inakupa 1, jua C0 umeiacha kwenye grandi. Ukiona 2 + 3 inakupa 6, C0 haijashikwa na kitu, na chipu za LS mguu ukiachwa unaelea wanausoma kama 1. Hizo mbili ni rahisi, utaziona dakika ya kwanza.

Sasa ovafloo. Wanafunzi wengi wanachukua C4 wanaiunga kwenye taa wanaandika ovafloo, na umeshaona hapo juu 5 - 3 inawasha C4 na jibu liko sahihi kabisa. Kinyume chake pia kipo: 5 + 6 ni 0101 + 0110, inatoka 1011 ambayo kwetu ni -5, C4 imelala, na jibu ni baya. C4 ni habari ya namba zisizo na alama, haijui mambo ya hasi na chanya.

Kinachojua ni kulinganisha keri mbili, ile inayoingia kwenye safu ya mwisho, C3, na ile inayotoka, C4. Zikitofautiana jibu limepasuka. Angalia safu ya mwisho peke yake utaona kwa nini. Kama biti zote mbili za alama ni 0, C4 haiwezi kuwa 1 hata ufanyeje, na C3 ikiingia na 1 inageuza alama ya jibu, chanya mbili zinazaa hasi. Kama zote mbili ni 1, C4 lazima iwe 1, na C3 ikiwa 0 basi alama ya jibu inabaki 0, hasi mbili zinazaa chanya. Na kama moja ni 0 na nyingine ni 1, C4 inafuata C3 kila wakati, hakuna ovafloo, na ndivyo inavyotakiwa kwa sababu chanya ukiijumlisha na hasi huwezi kutoka nje ya mipaka.

Shida ni kwamba C3 haina mguu. Iko ndani ya chipu, huwezi kuigusa. Lakini S4 ni XOR ya vitu vitatu, biti mbili za alama na hiyo C3, kwa hiyo unaweza kuirudisha kwa kufanya XOR tena:

```
X4 = B4 ^ M
C3 = A4 ^ X4 ^ S4
V  = C3 ^ C4
```

Geti nne za 74LS86 ya kwanza zimeisha zote kwenye kugeuza B, kwa hiyo unaleta ya pili. Geti moja inapokea A4 na X4, ya pili inapokea jibu la hiyo na S4, ya tatu inapokea jibu hilo na C4, na hapo taa ya V, yaani ya ovafloo, inakaa.

Na hapa ndo ugonjwa wenyewe unaingia. X4 si B4. X4 ni biti iliyotoka kwenye geti, ile inayoingia kweli mguu wa 11 wa 74LS283. Lakini ukiwa unaunga waya, swichi ya B4 iko pale mbele imeandikwa vizuri B4, na kwenye daftari umeandika "alama ya B", mkono unaenda kwenye swichi. Wakati wa kujumlisha M ni 0 na hizo mbili ni kitu kimoja, kwa hiyo kila jaribio linapita, unafurahi. Geuza M sasa. Fanya 5 - 3 na B4 ya swichi ambayo ni 0: A4 ni 0, B4 ni 0, S4 ni 0, C4 ni 1, XOR ya zote ni 1, taa inawaka na jibu ni 2 safi kabisa. Fanya 5 - (-6), yaani B ni 1010: inakuwa 0101 + 0101 + 1, inatoka 1011, hiyo ni -5 wakati jibu la kweli ni 11. Taa inatakiwa kuwaka. Lakini kwa B4 ya swichi una 0, 1, 1 na C4 ambayo ni 0, XOR ni 0, taa imezima. Kwa waya sahihi X4 ni 0, unapata 1, taa inawaka.

Dalili yake ni hii: kwenye kutoa taa inakuwa kinyume kamili, si mara moja moja, ni kila hesabu, kwa sababu umebadilisha biti moja tu ndani ya mnyororo wa XOR. Ukiona inakosea mara zingine na kupatia mara zingine, hilo ni tatizo lingine, tafuta waya uliolegea au mguu unaoelea. Ukiona ni kinyume kila mara, usiguse chipu, hamisha waya kutoka kwenye swichi uupeleke mguu wa 11.

Kuna kundi moja walikuja na wazo lingine, wakasema afadhali B igeuzwe na kuongezwa 1 kwanza kwenye chipu yake ya pembeni, iwe hasi iliyokamilika, halafu ndo ijumlishwe na A huku C0 ikiwa 0. Majibu yanatoka sawa. Ovafloo inakosea kwa B moja tu, na ni ngumu kuiona: -8. Ukigeuza 1000 unapata 0111, ukiongeza 1 unarudi pale pale 1000, maana +8 haipo kwenye biti nne. Basi 3 - (-8) inakuwa 0011 + 1000, inatoka 1011, na saketi inaona chanya na hasi inasema hakuna shida, wakati jibu la kweli ni 11. Ukipitisha ile 1 kwenye C0, namba inayoingia ni 0111 na 1 pembeni, biti tatu za chini zinatoa keri, C3 inakuwa 1, C4 ni 0, taa inawaka. Kwa hiyo usiwahishe ile 1, iache iingie kupitia C0, na ukijaribu bodi yako hakikisha B ya -8 imo kwenye majaribio, jaribu na -3 - (-8) pia ambayo jibu ni 5 na taa inatakiwa kuzima.

Ukiwa na muda jaribu zote, ni 256 kwa kujumlisha na 256 kwa kutoa, na taa inatakiwa kuwaka mara 64 kila upande. Mkihesabu wawili, mmoja anageuza swichi mwingine anaandika, haichukui mchana wote.

Nimesema 74LS86 ya pili tumetumia geti tatu. Ya nne usiiache, ipe S4 na V. Inachotoa ni alama ya kweli ya jibu hata pale jibu limepasuka, na kwenye kutoa inakuambia kama A ni ndogo kuliko B bila kujali ovafloo. Iweke taa yake upande wa kushoto wa S4 uisome kama biti ya 5: ile 5 + 6 iliyokuwa 1011 sasa inasomeka 01011, ni 11, na -6 - 5 ambayo kwa biti nne inatoka 0101 inasomeka 10101, yaani -16 na 5, ambayo ni -11.