Usilipe avansi Jumamosi: kwanza shuka kwa jirani wa chini

"Wapendwa, nimepata nyumba ya matofali Kadutu, hapa Bukavu, vyumba vinne, iko kwenye mteremko na bei imeshuka sana. Komisionere ameleta masoni wake, amesema kuna nyufa ndogo za plasta tu, mabati yenye kutu na nyaya za umeme za kubadilisha. Nianze kutengeneza nini, na nitenge pesa ngapi? Natakiwa kulipa avansi Jumamosi."

Dada, usilipe. Huyo masoni ameletwa na komisionere, na komisionere anakula nyumba ikiuzwa. Atakuambia kuna ufa wa msingi ili apoteze mkate wake? Wa kwetu, siku tuliponunua nyumba ya mteremko kama hiyo, aliipiga ngumi, akasema ni fero tupu, akapokea pesa ya usafiri kutoka mfukoni mwetu na mpaka leo hapokei simu. Nikisikia tena maneno "nyufa ndogo za plasta" damu inanichemka.

Alituonyesha vyumba, mabati na plafo. Hakutushusha hata mara moja kwenye uwanja wa jirani wa chini, na huko ndiko nyumba ya mteremko inakosema ukweli. Ukisimama chini unauona ukuta wa mawe unaobeba uwanja wote pamoja na nyumba. Wa kwetu ulikuwa na mita 12 za urefu na mita 3 za kimo, na katikati ulikuwa umetoa tumbo. Kwa macho utabishana na muuzaji, kwa hiyo chukua uzi, ufunge jiwe, uuninginize kutoka juu ya ukuta. Uzi ukilala juu ya tumbo huku chini umeachana na mawe, ukuta unasukumwa.

Unasukumwa na maji. Udongo wa Bukavu ni mfinyanzi mzito uliotokana na miamba ya volkano iliyooza. Ukinywa maji unakuwa mzito zaidi na unalegea, na uzito wote unaegemea ukuta. Ndiyo maana ukuta wa namna hiyo huwekewa matundu ya kutolea maji, yale masoni wanayaita barbakani, na nyuma yake kokoto ili maji yapite. Wetu ulikuwa na mabomba yamepangwa vizuri kabisa. Baadaye tuliingiza kipande cha fero ndani ya bomba moja, kikagonga udongo mkavu, mgumu, kabla hakijaingia hata urefu wa kidole. Yalikuwa vipande vifupi vilivyochomekwa usoni mwa ukuta. Hakuna tone lililowahi kupita humo. Wewe chukua fero, ujaribu kila tundu, muuzaji akiwepo.

Sasa ingia ndani uangalie hizo "nyufa ndogo". Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele, unakwenda ovyo na hauingii kwenye tofali. Ufa wa kuogopa unaanzia pembe ya dirisha au mlango, unapanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, na mara nyingi ni mpana juu kuliko chini. Huo unakuambia upande wa bondeni unashuka na kujitenga na nyumba. Kwangua rangi. Kama ndani ya ufa kuna rangi ya zamani na vumbi, umekaa muda mrefu. Kama kingo ni safi na kali, unatembea sasa hivi. Ukipita milimita 5 hiyo si kazi ya plasta tena. Angalia pia milango iliyorandwa juu ili iweze kufunga, na ngazi za nje zilizoachana na ukuta.

Lakini ufa ukiutazama siku moja haukuambii kama umesimama. Weka shahidi: safisha mpaka kwenye tofali, bandika kipande chembamba cha jasi kinachovuka ufa, kimoja ndani na kimoja nje, uandike tarehe juu yake. Jasi haivutiki, nyumba ikisogea kidogo tu inakatika. Na ingoje mvua. Huku kwetu kiangazi ni Juni mpaka Agosti, udongo umekauka na kila kitu kimetulia, na ndipo wajanja wanapiga rangi na kuuza. Shahidi ambaye hajaona mvua za Septemba na Oktoba hajashuhudia kitu.

Kiangazi nacho kina kitu cha kukuonyesha. Angalia kama kuna sehemu majani yamebaki kijani wakati kote kumekauka. Sisi tuliiona, tukafurahi kwamba ardhi ina rutuba. Kumbe ni maji ya shimo la choo na bafu la jirani wa juu, yanapita chini ya nyumba yetu mwaka mzima na kwenda kulala nyuma ya ule ukuta. Hilo ndilo lililotugharimu kuliko yote, maana ugonjwa uko kwenye parseli ya mtu mwingine, na bila yeye kukubali kuhamisha shimo, hata ukuta mpya ungeanza kutoa tumbo.

Pesa sasa. Ukuta wa mawe wa kimo cha mita 3 unataka unene wa karibu mita 1.5 chini na nusu mita juu. Kwa mita 12 hiyo ni mita 36 za ujazo, na msingi wake unaongeza kama 10. Theluthi moja ya hapo ni mota, mita 15, na kila mita inakula mifuko kama 6 ya simenti. Ni mifuko 90, kabla hujanunua jiwe, mchanga na kokoto, na kama lori haifiki kwenye avenyu yenu, kila jiwe litashuka mgongoni mwa mtu na utamlipa. Piga hesabu hiyo kwa bei za depo la karibu nawe, kisha uiweke mbele ya muuzaji anayekuambia bei imeshuka.

Mabati ya kutu yanaudhi lakini yanangoja mwaka, ukiziba yanapovuja. Nyaya zilizo uchi kata kabla hujalala humo, ni pesa ndogo. Ila cha kwanza kabisa ni cha bei rahisi: mifereji kwenye paa na kanivo la kuyatoa maji ya mvua nje ya parseli, ili ukuta uache kunyweshwa. Ukuta wenyewe unafuata, nao hausubiri msimu wa pili wa mvua. Nyufa za ndani ziwe za mwisho. Ukiziziba leo utakuwa umejifungia macho, zitarudi palepale.

Kuna hali moja ambayo hakuna ukuta utakaosaidia. Kama miti ya mtaa mzima imeinama na nyua za majirani zimepinda pamoja, kilima chenyewe kinatembea. Hapo Kadutu udongo wa Funu unajulikana kutambaa polepole kwa miaka na miaka. Ukiona hivyo, ondoka, hata wakikupunguzia nusu ya bei.

Jumamosi nenda bila pesa. Chukua uzi, jiwe, fero na jasi, tafuta masoni wako mwenyewe asiyejuana na komisionere, umlipe wewe, na muanzie chini kwa jirani. Muuzaji akikataa usibandike jasi kwenye ukuta wake, mwombe akueleze anaogopa nini.