Kichwa cha mada hakitoki kwenye jalada: kwa wanaoanza kukatalogi Nairobi

Wenzangu mnaoingia mafunzo ya kazi maktabani au kwenye nyaraka, mtakabidhiwa rundo la vitabu na kompyuta yenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, na katika wiki ya kwanza mtafikiri ugumu uko kwenye namba za fildi, yaani sehemu za rekodi ya kitabu, na alama zake. Hayo huzoeleka upesi. Panapohitaji akili ni pale unapoamua kitabu kinahusu nini, kisha ukaamua mtu atakayekitafuta atapitia mlango gani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Umepewa kitabu cha kurasa 240, kimeandikwa kwa Kiswahili, jina lake la fumbo, na jaladani kuna picha ya shamba la chai. Ukienda na jina na picha utaandika kilimo. Fungua ukurasa wa yaliyomo, kisha dibaji, kisha aya za mwisho za sura mbili tatu, kisha faharasa kama ipo. Huna haja ya kukisoma chote, na msimamizi wako hatafurahi ukijaribu. Unagundua kuwa ni masimulizi ya wanawake waliozuiliwa katika gereza la Kamiti wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Chai imetajwa katika sura moja tu, ya mama aliyekuwa kibarua kabla ya kukamatwa.

Sasa, kabla hujagusa kibodi, andika sentensi moja kwenye karatasi: "Kitabu hiki ni masimulizi ya wanawake waliofungwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau." Ukishindwa kuiandika, rudi kwenye dibaji, kwa sababu bado hujajua unachokatalogi. Sentensi hiyo ndiyo itakayokatwa vipande kuwa vichwa vya mada, yaani maneno rasmi yanayosema kitabu kinahusu nini.

Kuna kipimo cha kuamua kipi kinapewa kichwa na kipi kinaachwa. Mwongozo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao vichwa vyake hutumiwa na maktaba nyingi za vyuo vyetu, husema mada ipewe kichwa chake ikiwa inachukua angalau asilimia 20 ya kitabu. Kwa kurasa 240 hizo ni kurasa 48. Sura ya kibarua cha chai ina kurasa 25, basi chai haipati kichwa. Wanaoanza huumia hapa, wanaona kama wanamnyima msomaji kitu. Lakini mfikirie mwanafunzi wa kilimo anayetoka Kabete kuja kukisoma kitabu hiki kwa sababu katalogi ilimwambia kina chai. Umempotezea nauli na siku.

Vichwa vyenyewe havitungwi. Vinatafutwa katika orodha rasmi, na vinaandikwa jinsi vilivyo, hata kama wewe ungependa mpangilio mwingine. Kwa kitabu chetu nitaweka hivi:

```
651 #0 $a Kenya $x History $y Mau Mau Emergency, 1952-1960 $x Women
651 #0 $a Kenya $x History $y Mau Mau Emergency, 1952-1960 $v Personal narratives
650 #0 $a Women political prisoners $z Kenya
653 ## $a Wafungwa wa kike $a Hali ya Hatari $a Vita vya Maumau
```

Alama ya `#` inaonyesha nafasi tupu. Fildi 651 ni ya mahali, na kichwa chetu kinaanza na nchi. 650 ni ya mada. Ile `0` iliyo katika nafasi ya pili baada ya namba ya fildi ni ahadi: unamwambia kila atakayeisoma rekodi kwamba kichwa hiki kimetoka kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge. Ukijitungia kichwa kisha ukaweka `0`, umeandika uongo ambao maktaba nyingine itaunakili. Ndani ya kichwa, `$x` ni kipengele cha mada, `$y` ni kipindi, `$z` ni mahali na `$v` ni aina ya maandishi. Mahali padogo hutanguliwa na nchi yake, yaani `$z Kenya $z Nairobi`.

Fildi 653 naipigania kila ninapopata nafasi. Humo maneno ni huru, hayafungwi na orodha yoyote. Msomaji wa Eastlands anayeandika "maumau" kama neno moja, au "wafungwa wa kike", hatafikiria kamwe kuandika "Women political prisoners". Vichwa rasmi vinakusanya vitabu vya mada moja pamoja; 653 inamfungulia msomaji kwa lugha anayoandika. Kitabu cha Kiswahili kisichopatikana kwa Kiswahili ni hasara tuliyoizoea mno.

Mara nyingi utakuta rekodi iliyo tayari ya kunakili kupitia utafutaji wa Z39.50, njia ya kuchota rekodi kutoka katalogi za maktaba nyingine. Maktaba ya Bunge ilifungua ofisi hapa Nairobi mwaka 1966 kukusanya machapisho ya ukanda huu, kwa hiyo vitabu vingi vya wachapishaji wetu viko kwenye katalogi yake. Nakili, lakini isome rekodi ukiwa umekishika kitabu mkononi. Rekodi nyingine ziliandikwa kabla kitabu hakijatoka, kwa kutegemea maelezo ya mchapishaji.

Kuna jambo moja la Koha ambalo wengi hawaambiwi. Kila kichwa kinapaswa kuunganishwa na rekodi yake rasmi, ile inayobeba umbo lililokubaliwa na maumbo mengine yanayoelekeza kwake. Mpangilio unaoitwa `AutoCreateAuthorities` ukiwa umewashwa, ukiandika kichwa kwa mkono na ukakosea herufi moja, mfumo hauoni kosa. Unakutengenezea rekodi rasmi mpya ya kosa lako. Baada ya muda kuna "Mau Mau Emergency, 1952-1960" yenye vitabu vingi, na pembeni yake "Mau Mau Emergancy, 1952-1960" yenye herufi iliyokosewa, na kitabu kimoja. Msomaji akibofya hicho kimoja ataamini ndicho pekee tulichonacho. Dalili yake ni hiyo: ukipekua vichwa rasmi ukaona viwili vinavyokaribiana na kimoja kinatumika kwenye rekodi moja tu, mwarifu msimamizi aviunganishe. Na wewe chagua kichwa kutoka kwenye dirisha la utafutaji la fildi, usikiandike.

Ukipelekwa upande wa nyaraka, mkono huu wa mada uupunguze kidogo. Faili za mkuu wa wilaya ya Kiambu, zenye alama inayoanza na `DC/KBU`, zinakaa pamoja kwa sababu zilitoka ofisi moja, hata kama moja inazungumzia kahawa na ya pili mashamba. Usizitawanye kwa mada. Mtafiti anahitaji kuona karani aliweka nini karibu na nini, kwa kuwa mpangilio huo wenyewe ni ushahidi wa jinsi ofisi ilivyofanya kazi. Jina la faili liache kama lilivyoandikwa wakati wake. Kama linasema Fort Hall, liandike Fort Hall, kisha katika maelezo yako ongeza kuwa ni Murang'a ya leo, ili mzaliwa wa Murang'a anayemtafuta babu yake aifikie.

Ukimaliza rekodi, toka kwenye upande wa wafanyakazi, ufungue katalogi ya wasomaji na utafute kwa maneno ambayo mama yako angetumia. Kitabu kisipojitokeza, irudie 653 kabla hujachukua kitabu kingine.