Mkurugenzi si Mheshimiwa, na wala hahusiki

*Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Rukwa. Nataka kumwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri yetu kudai nauli ya likizo. Nimwite Mheshimiwa, Ndugu au Bwana? Sitaki aone nimemdharau, lakini rasimu yangu mwenzangu kaisoma akacheka, akasema najikomba. Nimeiambatisha.*

Rasimu nimeisoma, Mwalimu. Mwenzako alicheka mahali pasipo pake. Palipo pake ni mstari huu, ambao najua hakuucheka kwa sababu hata yeye huuandika: “Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.”

Cheo nitakijibu, subira kidogo. Kwanza tukae hapa, maana sentensi hii nimekutana nayo katika barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kuomba kiwanja, na siku moja katika barua ya rambirambi.

“Husika” ni amri. Ni sawa na “kaa”, “ondoka”, “funga mlango”. Kumwekea “tafadhali” mbele hakuiondolei uamri wake. Askari wa barabarani naye husema “tafadhali teremka”. Sasa itazame barua yako kwa mpangilio wake. Mstari wa kwanza umemwita “Mheshimiwa Mkurugenzi mpendwa”. Mstari wa pili umemwamrisha. Mstari wa tatu umerudi chini tena, “kwa heshima, taadhima na unyenyekevu mkubwa”. Umepiga magoti, ukasimama ukamfokea, ukapiga magoti tena, na wino haujakauka.

Halafu, ahusike vipi? Anayehusika na wizi ni mwizi au mshiriki wake. Anayehusika na masijala ni mtu aliyepangiwa kazi hapo. Mkurugenzi atahusikaje na kichwa? Ulichotaka kumwambia ni kwamba barua inahusu jambo lililotajwa juu. Barua ndiyo inayohusu, wala si yeye anayehusika. Tena “kichwa cha habari” ni cha gazeti, na “tajwa” iliyosimama peke yake ni kitenzi kilichovuliwa nguo: sema “kilichotajwa”. Ukiuliza kitu hiki kilitoka wapi, nadhani ni kivuli cha Kiingereza cha maofisini ambacho karani fulani alikifasiri haraka kabla ya chai, nasi tukakigeuza kuwa sala ya kufungulia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakina kazi. Juu yake umeandika “YAH: KUHUSU MAOMBI YA NAULI YA LIKIZO”. “Yah.” ni kifupi cha “yahusu”. Kwa hiyo umesema yahusu, ukasema kuhusu, ukashuka chini ukasema husika. Zote ni tawi la “-husu”, neno tulilopewa na Kiarabu mara moja tu. Na “maombi” hayo, kwa kuwa unaomba jambo moja, “ombi” lingetosha. Maombi tuwaachie wa mkesha wa Ijumaa.

Mtunza kumbukumbu pale masijala huanzia kwenye mstari huo wa Yah. ili ajue barua iingie jalada gani. Ukisomeka “YAH: OMBI LA KULIPWA NAULI YA LIKIZO”, kazi yake imeisha, na barua inapanda juu. Mkurugenzi naye ameshauona. Sentensi inayofuata iwe ombi lenyewe.

Haya, cheo. “Mheshimiwa” ni mtu anayeheshimiwa, na kwa maana hiyo hata bibi yangu alikuwa mmoja. Lakini katika mazoea ya serikali yetu neno hili lina wenyewe: mbunge, diwani, waziri, balozi, jaji na hakimu, mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Mkurugenzi wa Halmashauri ni mtumishi wa umma kama wewe, kakuzidi madaraka na gari. Kikaoni utasikia wengi wakimwita Mheshimiwa, hasa wenye hati za malipo mezani kwake. Nimechoka kupigana nao. Mdomoni liache lipite. Kwenye karatasi usiliandike, maana huko ndiko linakosomeka kama kujikomba.

Mwandikie “Ndugu”. Neno hili lilikolea enzi za Azimio la Arusha, na ingawa siku hizi wapo wanaolisikia kama salamu ya chama, katika barua za kiserikali bado ni zima na lina faida mbili. Halimshushi mtu, wala halikulazimishi kujua kama Mkurugenzi mpya ni mwanamume au mwanamke. Ukijua, “Bwana” au “Bibi” si kosa. Akiwa daktari wa falsafa au mhandisi, hiyo ni sifa yake ya kusomea, nawe huiandiki isipokuwa umetaja jina lake. Na hapa hukuhitaji jina, kwa sababu unaiandikia ofisi. Akihamishwa kesho, barua yako isihame naye.

Kwa hiyo anwani iwe cheo kamili, “Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya” na jina la wilaya yenu, kisha sanduku la posta. Chini yake andika “Kupitia kwa: Mwalimu Mkuu”, kwa kuwa hiyo nayo ni heshima, tena ndiyo wakubwa wanayoiona haraka ikikosekana. Mkuu wa Shule ni wa sekondari. Wa msingi ni Mwalimu Mkuu. Usimpandishe wala usimshushe.

Mwili wa barua ningeuandika hivi, tarehe uweke zako:

“Naomba kulipwa nauli ya likizo yangu iliyoanza tarehe 9 Juni. Fomu niliiwasilisha tarehe 12 Mei, na nakala yake nimeiambatisha. Hadi leo sijapata malipo wala maelezo. Naomba kujua malipo hayo yatafanyika lini.”

Basi. “Naomba” imekuja mara mbili na heshima yote imo humo. Rasimu yako ilikuwa na “ninapenda kuchukua nafasi hii adhimu kukuomba unisaidie mimi mtumishi wako”. Nafasi hukuichukua kwa mtu, na wewe ni mtumishi wa umma, si wake. “Unisaidie” ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inageuza stahili yako kuwa sadaka. Nauli yenyewe umeitaja mstari wa tisa, bila tarehe hata moja. Mtu akikuchelewesha kwa barua ile, atakuwa na kisingizio: hakuona unachodai.

Kufungia, “Wako mtiifu” tuliirithi kwa wakoloni, waliojiita watumishi watiifu wa watu wasiokusudia kuwatii. “Wako katika ujenzi wa taifa” ina matofali mengi kwa barua ya nauli. Zote mbili nimeshazizoea kama kelele za feni. Chagua moja, au andika jina, cheo na sahihi uache hapo.

Limebaki neno la mwanzo kabisa la rasimu yako: “Shikamoo”. Hiyo ni ya umri, haipandi cheo, na haina jibu kwenye karatasi. Umesema huna hakika kama Mkurugenzi amefika hata miaka 40, nawe unakaribia kustaafu. Ukikutana naye kwenye korido, msubiri akuamkie.