Kueleza mishale ya kiunzi cha dhana, mmoja baada ya mwingine

*Swali: Mwalimu, mimi ni muuguzi na ninasomea uzamili wa afya ya umma hapa Kisumu. Utafiti wangu unahusu akina mama wa Nyando wasiofikisha dozi tatu za SP za kukinga malaria wakati wa ujauzito. Mchoro wangu wa kiunzi cha dhana una visanduku vinne kushoto, yaani maarifa ya mama, umbali wa kituo, akiba ya dawa na hali ya VVU, na kimoja kulia, ambacho ni dozi za SP. Msimamizi amenirudishia sura ya pili na kuandika pembeni: "Umeorodhesha vigeu, hujaeleza mishale." Nirekebisheje maelezo hayo?*

Msimamizi ameona jambo la kweli. Aya uliyoniambatishia inasema kwamba vigeu huru ni hivi vinne, kigeu tegemezi ni hiki kimoja, na kwamba vigeu huru huathiri kigeu tegemezi. Ukifuta maneno "dozi za SP" na kuandika "mavuno ya mpunga", aya hiyo itabaki imesimama vilevile, kwa maana haijasema lolote kuhusu jinsi mama wa Nyando anavyopata au kukosa dawa. Mshale ni dai kwamba kitu hiki kikibadilika, kile nacho kitabadilika, kwa njia fulani na kuelekea upande fulani. Maelezo yanapaswa kuitaja njia hiyo, kusema kama athari ni ya kuongeza au kupunguza, kuonyesha ni utafiti au nadharia ipi inayokupa ruhusa ya kudai hivyo, na kutaja kipimo utakachotumia.

Ninashauri usianze upande wa kushoto, ambako wanafunzi wengi huanzia. Anza na kisanduku cha kulia, ujiulize dozi inamfikiaje mama. Wewe ni muuguzi na unalijua hili kuliko mimi: mama hupewa vidonge vitatu kwa mara moja na kuvimeza mbele ya mhudumu, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, na kati ya dozi moja na nyingine lazima upite angalau mwezi mmoja. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2012, unaolenga dozi tatu au zaidi. Ukiyaandika hayo katika sentensi mbili mwanzoni mwa maelezo, utagundua mara moja kwamba mchoro wako umekosa kisanduku. Ikiwa dawa humezwa kliniki, hakuna dozi bila mama kufika kliniki, na hivyo kati ya kushoto na kulia panahitajika kisanduku cha mahudhurio ya kliniki ya wajawazito, ambacho ndicho kigeu cha kati.

Mahudhurio hayo yapime kwa mambo mawili, yaani wiki ya ujauzito mama alipofika mara ya kwanza, na idadi ya ziara zake kwa jumla. Wiki ya ziara ya kwanza ina uzito wa pekee kwa sababu inaweka kikomo cha dozi zinazowezekana. Mama anayeanza wiki ya 28 anaweza kumeza dozi katika wiki ya 28, ya 32 na ya 36, akafikisha tatu. Anayeanza wiki ya 34 atapata ya pili katika wiki ya 38, na ya tatu ingeangukia wiki ya 42, wakati ambapo wengi wamekwisha kujifungua. Huyo hatafikisha dozi tatu hata kama ana maarifa yote, anaishi karibu na kituo na dawa imejaa stoo. Hesabu hiyo fupi ndiyo maelezo ya mshale unaotoka kwenye mahudhurio kwenda kwenye dozi, na inatosha.

Sasa tazama kinachoupata umbali. Awali ulikuwa na mshale wa moja kwa moja kutoka umbali hadi dozi. Baada ya kuongeza kisanduku cha kati, mshale huo hauna tena sababu ya kuwepo, na aya yake inaweza kuandikwa hivi:

"Umbali wa kituo unatarajiwa kupunguza mahudhurio ya kliniki kupitia gharama na muda wa safari. Mama anayelipa nauli kubwa zaidi au kutumia muda mrefu zaidi kufika kituoni anatarajiwa kuanza kliniki akiwa na ujauzito mkubwa zaidi, na kufika mara chache zaidi. Kwa kuwa SP humezwa mbele ya mhudumu kliniki, umbali haukuchorewa mshale wa moja kwa moja kwenda kwenye dozi; athari yake inapitia katika mahudhurio. Umbali utapimwa kwa nauli ya kawaida na dakika za safari kutoka nyumbani hadi kituo anachokitumia mama."

Angalia sentensi ya mwisho. Ukisema kwamba njia ni gharama na muda, kisha ukapima kilomita, umekata mshale wako mwenyewe. Katika uwanda wa Kano, mvua za masika zikishakata barabara, kilomita tatu za matope zinaweza kumgharimu mama zaidi ya kilomita saba za lami kutoka Ahero. Ukitaka kilomita zibaki, zitaje kama kipimo cha ziada. Jambo lingine ni kwamba aya hii inafaa tu mahali ambapo dawa hutolewa kliniki peke yake. Ikiwa katika eneo lako wahudumu wa afya ya jamii wanawapelekea wajawazito dozi nyumbani, njia ya pili ipo, nayo idai kisanduku na mshale wake.

Akiba ya dawa ndiyo inayowachanganya watu wengi. Umeichora kama chanzo cha tatu kinachosukuma dozi, sambamba na maarifa na umbali. Lakini akiba haimleti mama kliniki, wala haimpi dozi mama aliyebaki nyumbani. Kazi yake ni kuamua kama ziara ya mama itazaa dozi au haitazaa. Dawa ikiwepo, kila ziara ya wakati wake inaweza kuwa dozi. Dawa ikiisha, mama anafika, anapimwa, anarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mshale wake hauendi kwenye kisanduku chochote, bali unagusa katikati ya mshale unaotoka kwenye mahudhurio kwenda kwenye dozi, na maelezo yaseme waziwazi kwamba uhusiano kati ya mahudhurio na dozi unatarajiwa kuwa na nguvu katika vituo ambavyo dawa haikukosekana, na kuwa dhaifu katika vile vilivyokaa bila dawa. Kigeu cha namna hii hubadilisha nguvu ya uhusiano. Kisichanganywe na cha kati, ambacho hubeba athari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukivichanganya katika maelezo, utavichanganya pia katika uchanganuzi, kwa sababu hiki cha kwanza hudai kuzidishwa na mahudhurio ndani ya modeli, na kile cha pili hudai modeli zinazofuatana.

Mshale huo una sharti ambalo ni heri ulione sasa kuliko siku ya kutetea pendekezo. Akiba ni sifa ya kituo, si ya mama, na akina mama waliohudhuria kituo kimoja katika miezi ileile wana thamani ileile. Ukichagua kituo kimoja tu, tofauti ya kupima itakuwa ndogo mno au haitakuwepo, na mshale huo hutaweza kuujaribu hata ukihoji akina mama mia nne. Panga vituo kadhaa vyenye rekodi tofauti, na uandike katika maelezo kwamba utahesabu, kutoka kwenye kadi za stoo, siku ambazo SP ilikosekana katika kipindi ambacho akina mama hao walikuwa wakihudhuria.

Hali ya VVU iondoe kwenye mchoro. Mama anayeishi na VVU na kutumia septrin hapaswi kupewa SP, kwa kuwa dawa zote mbili zina salfa na zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya madhara makali. Ukimweka katika sampuli, utamhesabu kuwa "hakufikisha dozi tatu" ilhali muuguzi alifanya kama inavyotakiwa. Hicho ni kigezo cha kumtoa mtu katika utafiti, na mahali pake ni sura ya tatu. Katika maelezo ya kiunzi, sentensi moja ya kueleza kwa nini kisanduku hicho hakipo inatosha.

Maarifa ndiyo yenye ugumu wa kweli. Dai lako ni kwamba mama anayejua hatari ya malaria na kazi ya SP ataanza kliniki mapema na kurudi. Hilo ni dai la busara, na modeli ya Andersen ya matumizi ya huduma za afya, iliyoanza mwaka 1968, inakupa msingi wa kulitetea, kwa kuwa inayaweka mambo anayoyaamini na kuyajua mtu miongoni mwa yale yanayomwandaa kutafuta huduma. Tatizo ni kwamba mafunzo kuhusu malaria hutolewa kliniki kwenyewe, na wewe utawahoji akina mama baada ya kujifungua. Mama aliyehudhuria mara sita atajibu maswali yako vizuri kwa sababu alihudhuria, na takwimu zako zitaonyesha uhusiano mzuri ambao chanzo chake kiko upande wa pili wa mshale. Unaweza kuuliza hasa kuhusu aliyoyajua kabla ya ziara ya kwanza, na kukiri kwamba kumbukumbu zina mipaka; au unaweza kuchora mshale wenye vichwa viwili na kuandika kwamba utafiti wa kuhoji mara moja hauwezi kutenganisha pande hizo. Mimi ningechagua njia ya kwanza na kuutaja udhaifu wake, kwa sababu mshale wenye vichwa viwili utakulazimu ubadilishe lengo lako la kwanza, ambalo sasa linasema "kubainisha athari ya maarifa."

Malengo nayo yapitie tena. Lengo la umbali lisomeke "athari ya umbali kwa mahudhurio", na la akiba liseme inavyobadilisha uhusiano kati ya mahudhurio na dozi. Majina ya visanduku yawe yaleyale kila mahali: usiandike "maarifa" kwenye mchoro, "uelewa" kwenye maelezo na "ufahamu" kwenye hojaji. Kisanduku cha dozi kipimwe kwa tarehe zilizoandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na kumbukumbu za mama zitumike pale tu kijitabu kinapokosekana.

Kabla ya kumrudishia msimamizi, mpe mwenzako wa darasani maelezo bila mchoro, umwombe auchore. Mshale atakaouelekeza kwingine ndio ambao aya yake haijakamilika, na nadhani wa akiba ya dawa ndio utakaomsumbua kwanza.