Maswali ya Pikipiki na Kamera: Mistari Inayoruka Thika Road

Nikishuka Thika Road saa sita mchana, mistari meupe ya barabara inaruka-ruka kwenye video, ilhali macho yangu hayaoni hivyo. Niko kwa fremu 25. Ni kadi imechoka? (Kasarani)

Kadi yako haina kosa. Chukua mwendo wa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kila sekunde. Kwa fremu 25, pikipiki husogea sentimita 80 kati ya fremu moja na nyingine. Mchana kweupe, tundu la lenzi likiwa f/2.8 na ISO 100, kamera ikijichagulia yenyewe hufungua shata kwa 1/3200 hivi, muda ambao unasogea kama nusu sentimita tu. Kila fremu inatoka kali kama picha ya pasipoti, kisha pengo la sentimita 80, kisha nyingine. Jicho halina ukungu wa kuunganisha hizo mbili, ndiyo maana mstari unaruka.

Tiba ya kwanza ni kuhamia fremu 50, pengo libaki sentimita 40. Ya pili ni kupunguza kasi ya shata, na hapo ndipo msomaji anayefuata ameteleza.

Nilisoma kwamba shata iwe nyuzi 180, nikanunua filta nyeusi. Sasa nikigonga tuta picha inafifia ghafla kisha inarudi. Filta ni feki? (Rongai)

Hapana, ndugu yangu. Nyuzi 180 maana yake shata inakaa wazi nusu ya muda wa fremu: kwa fremu 50 ni 1/100. Hesabu yenyewe ni hii:

```
muda wa shata = nyuzi / (360 × fremu)
```

Kanuni hiyo ilitoka kwa kamera za sinema zinazokaa imara. Yako inatingishwa na injini na mashimo, kisha kompyuta yake inaituliza picha kwa kuisogeza fremu nzima upande wa pili. Inaweza kusogeza fremu, lakini haiwezi kufuta ukungu ulioingia shata ilipokuwa wazi. Kwa hiyo pikipiki ikiruka, unaona picha imetulia pale pale huku imefifia, kama mtu aliyevuliwa miwani kwa sekunde. Hiyo ndiyo dalili. Filta feki ingeharibu rangi muda wote, si kwenye matuta tu.

Mimi hutumia nyuzi 90: fremu 50 kwa 1/200. Ukungu wa barabara unabaki sentimita 10 kwa mwendo ule wa 72, unatosha kulainisha lami inayopita kando bila kila tuta kuonekana. Barabara mbovu kama zile za ndani za mitaa, shuka hadi nyuzi 45, yaani 1/400, na ukubali ukali kidogo.

Filta inachaguliwa kwa kugawanya. Kamera ikitaka 1/3200 nawe unataka 1/200, mwanga umezidi mara 16, basi vaa ND16. Namba kwenye filta ndiyo hiyo mara. Asubuhi ya Julai, mawingu yakitanda, ivue, la sivyo ISO itapanda na video itajaa chembechembe.

Na kamera iko wapi? Niliwahi kuifunga kwenye usukani wa pikipiki ya silinda moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatetemeka mara 100 kwa sekunde, na picha ilicheza kama uji kwenye sahani, bila kujali shata. Nikaihamishia kidevuni mwa helmeti. Shingo yako inameza mtetemo kuliko chuma chochote.

Usiku katikati ya mji taa za maduka zinapepesa. (Umoja)

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kamera kwenye 50Hz (baadhi huita Anti-Flicker), ipate fremu 25 na 50 badala ya 30 na 60, kisha shata 1/100. Vua filta. Taa za nyuma za magari zinaweza kuendelea kupepesa, maana hazitumii umeme wa nguzo.

Nikipiga fremu 50 kisha nihariri kwa 25, napoteza kitu? (Kikuyu)

Ndiyo, dada. Programu inatupa fremu moja kati ya mbili, na ile 1/200 inageuka nyuzi 45. Mistari itaanza kuruka tena. Ukipiga 50, toa 50. Ukijua mwisho wake ni 25, piga 25 kwa 1/100 tangu mwanzo. Fremu 100 ziache kwa kipande unachotaka kipite polepole mara nne, kwa 1/400.