Sukuma wiki ibaki kijani

"Nikikaanga sukuma wiki inageuka kahawia na kuwa chungu. Moto uwe kiasi gani, na kwa dakika ngapi?"

Dada, moto uwe mkali, na tangu majani yaingie sufuriani zisizidi dakika nne. Yaoshe, yakung'ute maji yote, kisha uyakate membamba muda mfupi tu kabla ya kupika, kwa sababu majani yaliyokatwa yakakaa huzidi ukali. Kaanga kitunguu katika sufuria pana kwa vijiko viwili vya mafuta hadi kilainike bila kuungua, maana kikiungua nacho huleta uchungu. Kisha ongeza moto, tia nusu ya majani, geuza bila kuacha, na yakinywea utie yaliyobaki. Sauti ya kukaanga isikike muda wote: ikinyamaza na maji yakaonekana chini, majani sasa yanachemka. Usifunike, kwani asidi ya majani hutoka na mvuke, na ikizuiwa ndani huua rangi ya kijani. Ndiyo sababu ndimu hukamuliwa mezani.

Wapo wanaoshauri kutia magadi ili rangi ibaki; hiyo ni kweli nusu, kwa kuwa rangi hubaki lakini majani hulegea na ladha huelekea sabuni. Ukipika mchicha badala ya sukuma, dakika moja na nusu hadi mbili zinatosha. Majani ya sukuma yaliyokomaa sana huweza kubaki na uchungu kidogo hata ukifanya haya yote; mimi huyatoa uti wa kati, ingawa jirani yangu haoni tofauti.