Laini ndefu isiyo na mzigo: volti zinapanda wapi, na riakta inazishushaje

Tumewasha laini upande mmoja, breka ya upande wa pili iko wazi. Mbona volti za kule zinazidi za chanzo?

Waya za laini na ardhi iliyo chini yake ni kapasita ndefu. Hata kama kule mwisho hakuna anayetumia umeme, chanzo hupeleka mkondo wa kuichaji. Mkondo huo hutangulia volti kwa robo ya mzunguko, kwa hiyo ukipita kwenye induktansi ya laini yenyewe, volti inayozaliwa humo hujumlika badala ya kupungua. Hiyo ndiyo athari ya Ferranti. Urefu ukiongezeka mara mbili, ongezeko hukua karibu mara nne.

Chukua laini ya kilovolti 400, kilomita 400, Hz 50. Pembe yake ni takriban digrii 6 kwa kila kilomita 100, yaani 24. Gawanya 400 kwa kosaini ya 24, ambayo ni 0.914, unapata kilovolti 438. Vifaa vya msongo huo kwa kawaida huishia 420.

Mita ya volti kituoni kwangu inasoma 400 barabara. Nitajuaje?

Tazama mita nyingine. Megawati ziko karibu na sifuri, lakini mkondo upo, na laini inakusukumia takriban MVAr 260, yaani nguvu ya kuchaji inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Halafu mpigie simu mwenzako wa upande wa pili akusomee volti za upande wa laini kabla hajafunga breka.

Hiyo 400 barabara ni ya chanzo chenye nguvu. Kama uwezo wa mzunguko mfupi kituoni kwako ni MVA 3000 tu, MVAr hizo zitapandisha hata volti zako kwa zaidi ya 9%, na kule mwisho hesabu inaanzia hapo. Hili ndilo linalosahaulika, hasa gridi inapowashwa upya baada ya kuzimika yote.

Riakta ya ukubwa gani, na ikae wapi?

Kwa laini yetu, riakta, yaani koili kubwa inayovuta MVAr hizo, ikiwa ya MVAr 100 na ikikaa mwishoni, inashusha 438 hadi karibu 407. Ukiiweka upande wa chanzo inakipunguzia chanzo mzigo wa MVAr, ila tofauti kati ya ncha mbili inabaki ileile. Iunge upande wa laini wa breka, na iwe imeshaingia kabla ya kuwasha. Ikiwa kwenye basiba, yaani nondo zinazounganisha laini zote kituoni, breka ikiwa wazi haiisaidii laini hata kidogo.

Basi tufidie MVAr zote za laini kwa riakta, tumalize?

Hapana. Fezi moja ikipata hitilafu na kukatwa kwa muda ili ijirudishe yenyewe, riakta na kapasita ya laini zikilingana huingia kwenye mwangwi wa umeme; fezi iliyokatwa hupandishwa volti na jirani zake mbili, na cheche ya hitilafu huenda isizimike. Hata kwa fidia ya sehemu, mara nyingi riakta ndogo huongezwa kati ya nyutro na ardhi. Mzigo mkubwa ukirudi, riakta isiyozimika nayo huzivuta volti chini.